Uzi: Friji la shangazi na swali la alama 20 kuhusu uamuzi wa mnunuzi

Binti_wa_Githurai (Ijumaa, saa 2:14 usiku)

Hamjambo nyote. Jumatatu asubuhi nina mtihani wa tabia za wateja, na kuna swali moja ambalo mwalimu wetu hulirudia kila muhula kwa maneno tofauti: "Ukitumia bidhaa unayoichagua mwenyewe, eleza mchakato wa uamuzi wa kununua na mambo yanayoathiri kila hatua." Ni alama 20. Kwenye jaribio la katikati ya muhula nilipata 9.

Nilitaja hatua zote tano: kutambua hitaji, kutafuta habari, kupima machaguo, kuamua kununua, na yanayofuata baada ya kununua. Halafu nikaandika ukurasa mzima wa vishawishi: utamaduni, familia, tabaka, umri, kipato, motisha, mtazamo. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Vinafanya nini, na wapi?" Hakuongeza neno.

Bidhaa niliyochagua ni friji. Shangazi yangu alinunua moja mwezi uliopita kwa ajili ya kibanda chake cha maziwa Kayole, nami nilikuwa naye tangu la zamani lilipokufa hadi jipya lilipowashwa. Kisa ninacho, ila sijui kukigeuza kuwa jibu. Naomba msaada.

Mama_Kibanda (saa 2:31 usiku)

Binti yangu, mwambie shangazi asikimbilie friji kubwa. Mimi nauza maziwa na soda Kariobangi mwaka wa nane huu. Kubwa likikaa nusu tupu linakula stima bure. Aangalie kile kibandiko cha nyota za matumizi ya stima, na asikubali kulipa kabla halijachomekwa mbele yake. Likifika nyumbani aliache limesimama saa kadhaa kabla ya kuliwasha, hasa kama lililazwa kwenye pikapu. Ana bajeti ya ngapi?

Binti_wa_Githurai (saa 2:36 usiku)

Asante sana Mama. Tayari amenunua, mimi naulizia swali la mtihani. Lakini hilo la kulichomeka kwanza ndilo alilofanya, nitalitumia.

HesabuSafi (saa 2:50 usiku)

Dada, ukweli ni kwamba hizo hatua tano ni za vitabuni. Hakuna mtu Nairobi anayenunua hivyo. Mimi nikiingia dukani kuchukua unga nachukua pakiti ileile niliyozoea, sekunde tatu, nimetoka. Sijatafuta habari wala kupima machaguo. Andika kwamba mchakato haufanyi kazi kwa bidhaa nyingi, mwalimu atapenda kuona unafikiri. Vishawishi vitaje vyote vinne: vya utamaduni, vya jamii, vya mtu binafsi na vya kisaikolojia. Hivyo ndivyo alama zinavyopatikana.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 3:22 usiku)

Nimesahihisha karatasi za somo hili miaka kadhaa, kwa hiyo nitasema ninachokiona zinaponifikia mezani.

Binti, hatua ulizijua na vishawishi ulivijua. Kilichokosekana ni mshono kati yao. Swali linasema *kila hatua*. Ukiandika "familia humwathiri mnunuzi", sentensi hiyo naweza kuihamisha kutoka hatua ya kwanza hadi ya tano na isibadilike hata herufi. Sentensi inayohamishika hivyo haina alama. Jaribu kila moja uliyoiandika: ing'oe, ipeleke hatua nyingine. Ikikataa kukaa huko, ujue umeandika jambo.

Chukua familia hiyohiyo. Katika kutafuta habari, dada yake shangazi ni mtu anayeaminika kuliko tangazo. Habari nyingi humfikia mnunuzi kutoka kwa wauzaji na matangazo, lakini zile zinazompindua huja kutoka kwa watu wake. Katika hatua ya kuamua, dada huyohuyo anafanya kazi tofauti kabisa: shangazi amekwisha kuchagua, yuko njiani kwenda kulipa, dada anasema "hiyo rangi itaonyesha uchafu", na nia inatikisika. Ni mtu yuleyule, lakini kwanza alikuwa chanzo cha habari, sasa ni kizuizi kati ya nia na malipo. Hapo umeonyesha kishawishi kikifanya kazi mahali pake.

HesabuSafi uko sawa nusu. Unga wa kila wiki haupitii hatua zote, na mwanafunzi anayesema hivyo anapata alama. Lakini hiyo haimaanishi mchakato haupo. Ulipitia hatua hizo siku moja, ukatosheka, ukafunga mjadala. Mjadala hufunguka tena kitu kikibadilika. Kumbuka 2017, serikali ilipoweka ruzuku, pakiti ya kilo 2 ikauzwa Sh90 na mara nyingi haikuonekana madukani. Watu waliokuwa na unga wao wa miaka yote walianza kuulizana duka gani limeletewa, upi unapikika vizuri, upi una chenga. Ile safari ya sekunde tatu ikawa ya asubuhi nzima.

Sasa Binti, kabla sijaendelea: nieleze friji la zamani lilikufa vipi, na shangazi aliangalia mangapi. Usinipe muhtasari.

Binti_wa_Githurai (saa 3:58 usiku)

Lilikufa polepole. Lilianza kutoa maji chini, kisha maziwa ya Jumapili yakaganda Jumatatu. Akawa anamwaga kidogo kidogo na kusema ni maziwa ya msambazaji. Ilichukua kama wiki tatu kukubali kwamba ni friji. Siku aliyokubali ni ile mteja wake wa kila siku alipomrudishia pakiti mbele ya watu.

Alienda Luthuli mara mbili. Ya kwanza peke yake, ya pili pamoja nami. Maduka mengi alipita tu. Mwishoni alibaki na matatu kichwani. La kwanza dogo, jipya, linakula stima kidogo. La pili jipya, kubwa, la jina analolijua kila mtu, bei ya juu. La tatu mtumba kutoka Uingereza, kubwa, bei nafuu, muuzaji anakupa wiki moja tu ya kulirudisha. Akanunua la kwanza, dogo. Hata mimi nilishangaa kwa sababu siku nzima alikuwa akilisifu la mtumba.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 4:40 usiku)

Una jibu la alama 20 mkononi na hujui. Ngoja nianze na hizo wiki tatu.

Hatua ya kwanza watu huiandika kwa sentensi moja: "Shangazi alitambua anahitaji friji." Wiki tatu alikuwa na pengo kati ya hali aliyonayo na hali anayoitaka, na bado hakulitambua kama tatizo la friji. Alilipachika jina la msambazaji. Pengo peke yake halitoshi, lazima liwe kubwa kiasi cha kuudhi na mtu aamini linaweza kutatuliwa kwa kununua. Kilicholikuza ni pakiti kurudishwa mbele ya watu. Friji halikuharibika zaidi siku hiyo, ila heshima yake kama muuzaji iliguswa. Hicho ni kishawishi cha kijamii, kinafanya kazi ya hatua ya kwanza, na hakihamishiki.

Kutafuta habari kulikuwa kwa aina mbili. Kwanza alitafuta ndani ya kumbukumbu yake: friji lililokufa lilikuwa la namna gani, lilimtesa wapi. Pili alitoka nje. Kiasi cha kutoka kilipimwa na hatari anayoiona. Kibanda hakina akiba, kosa moja ni mtaji wa miezi, kwa hiyo alienda Luthuli mara mbili. Kwa sufuria asingeenda mara mbili. Andika pia kwamba "mara mbili" ina kikomo chake: kila siku akiwa mjini kibanda kimefungwa. Mtu huacha kutafuta pale gharama ya kutafuta inapopita faida anayoitarajia, hata kama hajapata habari zote.

Kisha yale matatu. Luthuli ina mafriji mengi, kichwani mwa shangazi yalibaki matatu. Zaidi ya hayo hakuna lililopimwa hata kidogo. Muuzaji ambaye friji lake halikuingia kwenye hayo matatu alishindwa kabla ya bei kutajwa.

Kesho nitaleta hesabu ya hatua ya tatu. Hapo ndipo mshangao wako unapoelezeka.

Rongai254 (Jumamosi, saa 1:05 asubuhi)

Nimeamka nikasoma hii na inaniuma kwa sababu ni kisa changu, ila kwa simu. Nilinunua simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Nilitoa Sh3,000 mwanzo, kisha Sh60 kwa siku, siku 365. Ukikosa kulipa simu inajifunga. Juzi nilikaa nikapiga hesabu kwa mara ya kwanza: 60 mara 365 ni 21,900, ongeza 3,000, ni Sh24,900. Dukani pesa taslimu simu hiyo ilikuwa Sh15,000. Tofauti ni Sh9,900.

Swali langu kwa Mwalimu: mimi nilikosea hatua gani? Kwa sababu naapa nilitafuta habari. Nililinganisha hadi kamera.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 2:20 asubuhi)

Kaka, pole. Kwa ulivyoeleza, ulilinganisha simu kwa simu, na hukulinganisha njia za kulipa. Sh60 ilipimwa dhidi ya pesa ya siku mfukoni, si dhidi ya Sh15,000. Sifa iitwayo bei ilibadilishwa kipimo kabla hujaanza kupima. Lakini sitasema ulikosea. Kama Sh15,000 hazingekusanyika kamwe kwa sababu kila shilingi nyumbani ina mwenyewe, ile Sh9,900 ulinunulia uwezo wa kuwa na simu mwaka huo. Ni wewe unayejua kama ulihitaji hivyo.

HesabuSafi (saa 2:41 asubuhi)

Hapo mimi naona ni hatua ya nne, maana malipo ni sehemu ya kununua.

Rongai254 (saa 2:44 asubuhi)

Mimi nilivutwa na Sh60 kabla hata sijajua simu gani. Kama ni ya nne, ilinifikia ikiwa ya kwanza.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 5:10 asubuhi)

Hiyo iacheni kidogo, nitairudia. Hesabu ya friji.

Tuseme shangazi alijali mambo manne, na uzito wake ukiwa jumla ya 10: bei 4, stima 3, ukubwa 2, waranti 1. Kila friji limepewa alama hadi 10 kwa kila jambo, na alama kubwa ya bei inamaanisha ni nafuu.

Friji dogo: bei 5, stima 9, ukubwa 4, waranti 9.
Kubwa jipya: bei 3, stima 7, ukubwa 8, waranti 9.
La mtumba: bei 9, stima 4, ukubwa 9, waranti 2.

Zidisha kwa uzito na ujumlishe. Dogo linapata 20 + 27 + 8 + 9, ni 64. Kubwa jipya 12 + 21 + 16 + 9, ni 58. La mtumba 36 + 12 + 18 + 2, ni 68. Mtumba limeshinda, na ndiyo maana shangazi alilisifu siku nzima. Katika kupima kwa namna hii uzuri wa bei unafidia ubaya wa waranti.

Sasa badilisha kanuni bila kugusa alama hata moja. Mwambie shangazi: friji lolote lililo chini ya 4 katika jambo lolote linatoka. La mtumba lina 2 kwenye waranti, limetoka. Kubwa jipya lina 3 kwenye bei, limetoka. Limebaki dogo, na hakuna lililofidia chochote.

Wanafunzi wengi huandika "mteja hupima machaguo" na kusonga mbele. Jambo lenyewe ni kwamba taarifa zilezile, kichwani mwa mtu yuleyule, hutoa mshindi tofauti kulingana na kanuni anayoitumia. Na watu wengi huanza na kanuni ya kutupa nje, kwa sababu ni rahisi, kisha hufidiana kati ya yaliyobaki.

HesabuSafi (saa 5:32 asubuhi)

Mwalimu kwa heshima, shangazi wa Kayole hakuzidisha wala kujumlisha. Huo ni uamuzi wa moyo.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 5:50 asubuhi)

Hakuzidisha, na jedwali halidai hivyo. Ni kama mpishi wa pilau: anajua likizidi chumvi alipunguze wapi bila kujua gramu. Jedwali linatuonyesha upande gani uamuzi ungeangukia. Tena una hoja nzuri ndani yake. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi 1978, alisema kwa miaka mingi kwamba mtu hatafuti kilicho bora kuliko vyote, hutafuta kinachotosha na kusimama hapo, kwa sababu muda na akili vina mpaka. Huo si moyo peke yake. Ni akili inayojua mipaka yake.

Binti, kabla shangazi hajalipa, kuna kitu kilitokea kati ya kulisifu la mtumba na kununua dogo. Kitafute.

Binti_wa_Githurai (saa 6:15 mchana)

Nimempigia simu. Anasema tulipokuwa tunakunywa chai alimkumbuka mama wa kibanda cha jirani aliyenunua mtumba. Lilikufa mwezi wa pili, muuzaji alikuwa amehama duka. Aliposema hivyo nikakumbuka hata mimi: baada ya chai hakulitaja tena lile la mtumba.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 6:40 mchana)

Umelipata. Mfano mmoja ulio wazi machoni una nguvu kuliko mafriji mengi ya mitumba yanayofanya kazi kimyakimya. Sasa rudi kwenye hesabu. Baada ya chai waranti haikuwa tena na uzito wa 1. Tuseme ikawa 3 na bei ikashuka hadi 2. Dogo: 10 + 27 + 8 + 27, ni 72. Kubwa jipya: 6 + 21 + 16 + 27, ni 70. La mtumba: 18 + 12 + 18 + 6, ni 54. La kwanza limekuwa la mwisho.

Kwa hiyo una njia mbili za kueleza mshangao wako: alitumia kanuni ya kutupa nje, au uzito ulihama. Kwa kumtazama tu huwezi kujua ni ipi. Namna ya kutofautisha ni kumuuliza: kama la mtumba lingekuwa nusu ya bei ile, angelichukua? Akisema ndiyo, alikuwa anafidia. Akisema "hata la bure silitaki", alitupa nje.

Luthuli_Fundi (saa 8:05 mchana)

Habari zenu. Mimi nauza mafriji Luthuli, sijasoma hiyo kozi, lakini Mwalimu anasema ninayoyaona kila Jumamosi. Mteja akinitajia bei kwanza, namwachia azungumze. Akiniuliza "likiharibika nakupata wapi", najua mtumba hauuziki tena kwake hata nikipunguza elfu tano. Hapo namwonyesha jipya dogo.

Mnaloliacha ni hili: wengi wanaosema "narudi kesho" wana nia ya kweli na hawarudi. Wengine mume amesema subiri. Wengine karo imeingilia. Mwingine anarudi na hilo alilolitaka nimeliuza, anachukua la pembeni yake au anaondoka. Mwingine anakwama kwenye usafiri. Mtu amepatana bei vizuri, anaambiwa pikapu hadi Kayole ni pesa nyingine, anaketi chini.

Lingine. Siku mbili tatu baada ya kununua, wateja hunipigia simu. Friji halina shida yoyote. "Fundi, hivi hili linapiga kelele kidogo, ni kawaida?" "Nimeona lingine kwa jirani, ni zuri kuliko hili?" Zamani nilikuwa nadhani wanatafuta sababu ya kurudisha. Siku hizi mimi ndiye ninayepiga siku ya tatu, nawaambia hiyo kelele ni ya kawaida, na wamechagua vizuri kwa kibanda. Wanashusha pumzi, unaisikia kwenye simu.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 8:48 mchana)

Fundi, karibu sana. Umefundisha hatua mbili kwa aya tatu.

Binti, kati ya nia na ununuzi husimama vitu viwili hasa: maneno ya watu wengine, na hali zisizotarajiwa. Mume na dada ni la kwanza, karo, friji kuisha na pikapu ni la pili. Ndiyo maana mtafiti akimuuliza mtu "utanunua?" na akajibu ndiyo, bado hana hakika. Usiandike hatua ya nne kana kwamba ni kufungua pochi tu. Ndani yake kuna maamuzi madogo: duka lipi, siku ipi, kiasi gani, unalipa vipi.

Simu za siku ya tatu ndizo wanafunzi wanazozikosea zaidi. Wanaandika "mteja hakuridhika". Hapana. Kutoridhika ni pale friji linapofanya vibaya kuliko ulivyotarajia. Yule anayempigia Fundi ana friji zima. Anasumbuliwa na yale aliyoyaacha: lile kubwa lilikuwa na nafasi, la mtumba lilikuwa nafuu, na pesa imeshaondoka. Mwanasaikolojia Leon Festinger alilieleza jambo hili mwaka 1957 kama mgongano wa mambo mawili unayoyaamini ambayo hayapatani. Huwa mkali pale pesa ni nyingi, machaguo yalikaribiana, na kurudi nyuma ni vigumu. Rudi kwenye hesabu ya baada ya chai: 72 kwa 70. Tofauti ya 2 ndiyo inayomfanya mtu asilale. Kama ingekuwa 72 kwa 40 asingempigia Fundi.

Namna ya kuvitofautisha kwenye karatasi: uliza kama tatizo lingekuwepo hata bidhaa ikifanya kazi vizuri kabisa. Likiwepo, ni mgongano. Likitoweka, lilikuwa kutoridhika.

Mama_Kibanda (saa 9:30 alasiri)

Sasa nimeelewa ni mtihani, mnisamehe. Lakini nina swali la kweli. Friji langu lilinunuliwa na chama. Sisi wanawake kumi na wawili, kila mwezi mmoja anapata. Zamu yangu ilipofika, wenzangu ndio walioamua nichukue lipi, kwa sababu waliokwisha kununua walijua. Mimi nilitaka lingine. Sasa mnunuzi ni nani hapo? Na hizo hatua tano ni za nani?

HesabuSafi (saa 9:41 alasiri)

Ni wako, Mama. Wewe ndiye mtumiaji.

Luthuli_Fundi (saa 9:55 alasiri)

Kwangu mimi mnunuzi ni aliyeshika simu ya kulipa. Chama wakija ninaongea na mweka hazina.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 11:20 jioni)

Mama, swali lako ni gumu kuliko la mtihani. Tunaweza kuzigawa kazi: aliyeanzisha wazo, walioshawishi, aliyeamua, aliyelipa, anayetumia. Kwa shangazi wa Binti, kazi karibu zote ziko kwa mtu mmoja. Kwako zimetawanyika kwa watu kumi na wawili. Kugawa kazi kunasaidia kujua nani azungumziwe na muuzaji. Lakini ile simu ya siku ya tatu, ule wasiwasi, unampata nani kama hakuchagua? Mtu ambaye hakuchagua kwa hiari hapaswi kuupata sana. Uliupata?

Mama_Kibanda (saa 11:34 jioni)

Sikupata wasiwasi. Nilipata hasira. Hadi leo likipiga kelele nalisema chama.

Binti_wa_Githurai (Jumapili, saa 10:15 jioni)

Nimeandika upya. Naweka aya ya hatua ya nne na ya tano, mnisahihishe tafadhali.

"Shangazi alipotoka kunywa chai alikuwa na nia ya kununua friji dogo. Nia hiyo ingeweza kuvunjika mara mbili kabla ya malipo. Kwanza, mjomba alipiga simu akasema asubiri mwisho wa mwezi. Shangazi hakusubiri kwa sababu kila siku ya kusubiri ni maziwa yanayomwagwa, yaani hitaji la hatua ya kwanza lilikuwa kubwa kuliko neno la mjomba. Pili, gharama ya pikapu ilikuwa haimo kwenye bajeti. Muuzaji aliibeba nusu, shangazi akalipa. Usiku ule alilifungua na kulifunga mara nyingi, akasema labda angechukua lile kubwa. Friji lilikuwa linafanya kazi, kwa hiyo hii haikuwa kutoridhika. Kubwa jipya lilikuwa limekaribia sana kulipita dogo, na pesa ilikuwa haiwezi kurudi. Wasiwasi ulikwisha siku ya nne maziwa yalipolala bila kuganda, na akaanza kuwaambia wenzake wa vibanda waende duka lile."

Mwalimu_wa_Jioni (saa 10:52 jioni)

Hakuna sentensi hapo ninayoweza kuihamisha. Ongeza jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: friji la zamani lilienda wapi?

Binti_wa_Githurai (saa 10:58 jioni)

Lilichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu mwenye mkokoteni. Pesa aliyotoa ndiyo iliyolipa nusu yetu ya pikapu! Sikuwa nimeiona hiyo.

Mwalimu_wa_Jioni (saa 11:03 jioni)

Iandike. Kuachana na kitu cha zamani ni sehemu ya mwenendo baada ya kununua, na kwa shangazi ilisaidia kulipia kipya. Ndiyo sababu ukizichora hatua hizo tano, mishale isiende upande mmoja tu.

Rongai254 (saa 11:20 jioni)

Mwalimu uliahidi kurudi kwenye Sh60 yangu. Ni hatua gani?

Mwalimu_wa_Jioni (saa 11:47 jioni)

Nimelifikiria tangu jana. Wenzangu wangeliweka kwenye ya nne, kama HesabuSafi, kwa kuwa namna ya kulipa huorodheshwa hapo. Wewe umenionyesha kwamba malipo ya kila siku yaliamsha hitaji, maana kabla yake simu ile haikuwa kitu unachoweza kukitaka. Yakabadilisha pia kipimo cha bei kwenye ya tatu. Na kwa siku 365 hatua yako ya tano ilikuwa inaamuliwa upya kila asubuhi, kulipa au kuacha ijifunge. Mwanafunzi akiniandikia lolote kati ya hayo na akalionyesha kwa kisa nitampa alama. Lakini jibu moja la kukupa sina.

HesabuSafi (Jumapili, saa 12:10 jioni)

Mimi bado nasema ya nne. Binti, kesho ukitoka kwenye chumba cha mtihani turudie hapa utuambie walileta swali gani.